Umande wa Tumbaku

Msikilizaji wa Nyamira, kwetu ni chai na ndizi, lakini huenda una jamaa Kuria, kule Migori, anayelima tumbaku.

Mvunaji huingia shambani alfajiri na kubeba majani mabichi kwapani. Nikotini huyeyuka kwenye umande na kupenya ngozi. Saa chache baadaye anatapika, kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu. Nyumbani watasema ni malaria. Akifika zahanati, aeleze kwamba alikuwa akivuna tumbaku, kwa sababu wengi hawasemi. Kwa kawaida hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Ni heri asubiri umande ukauke, avae glavu na nguo isiyopenya maji, kisha aoge kwa sabuni. Mtoto asivune kabisa.

Halafu kuna deni. Kampuni ya tumbaku humkopesha mkulima mbegu, mbolea na dawa, kisha hujilipa siku ya mauzo. Gredi ya majani hupangwa na mnunuzi, yaani kampuni hiyo hiyo. Tuseme mkopo ni shilingi 40,000. Majani yakiuzwa 55,000, anabaki na 15,000, kabla ya kuhesabu kuni za kukaushia na jasho la familia. Gredi ikishuka akapata 35,000, deni la 5,000 linamsubiri msimu ujao, na mkataba anatia sahihi tena.

Lakini njia ya kutoka ipo: mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake yalianza kuwasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharagwe.