Ziwa Simbi kwenye Picha ya Simu: Miraba, Skeli na Eneo la Maji

Mada hii imeandaliwa kwa walimu wa jiografia wa Migori na Homa Bay wenye wanafunzi wanaosoma ramani kwenye fotokopi au picha ya simu. Mfano wake ni Simbi Nyaima, ziwa la magadi lililo karibu na Kendu Bay, ambalo wazee husimulia kwamba ni kijiji kilichozama. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 0.3, yaani takribani hekta 30.

Kwenye ramani ya topografia ya 1:50,000, mraba mmoja wa gridi una sentimita 2 kila upande na unawakilisha kilomita moja ya mraba. Simbi lingekuwa duara kamili, upana wake ungekuwa mita 600 hivi, sawa na sentimita 1.2 kwenye karatasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayehesabu miraba mizima hapati hata mmoja. Akilisema ziwa kuwa "nusu mraba", jibu lake limezidi kwa zaidi ya nusu ya eneo halisi.

Dawa ni kuugawa mraba. Kila upande wa mraba wenye ziwa hugawanywa sehemu kumi sawa kwa alama tisa za penseli iliyochongwa vizuri, kisha alama zinazoelekeana huunganishwa. Hupatikana vijiraba 100, kila kimoja mita 100 kwa mita 100, ambayo ni hekta moja barabara. Ziwa likivuka mstari wa gridi, mraba wa jirani nao hugawanywa vivyo hivyo. Tuseme mwanafunzi amepata vijiraba 17 vilivyojaa maji na 24 vilivyokatwa na ukingo. Vile 24 huhesabiwa nusu nusu, vinakuwa 12, na jumla ni hekta 29, au kilomita za mraba 0.29.

Mbona nusu? Kwa sababu kijiraba kilichobeba maji mengi hufidia chenye maji kidogo. Kufidiana huko huhitaji vijiraba vingi vya ukingoni. Mraba ukigawanywa mara tano tu kila upande, kijiraba kimoja kinakuwa hekta 4 na vya ukingoni hupungua hadi kama 12, hivyo kosa dogo la jicho linabeba hekta kadhaa. Njia ya kujua kama hesabu imetulia ni kuchora ukingo wa ziwa kwenye karatasi angavu, kuusogeza kidogo juu ya vijiraba, na kuhesabu upya. Majibu ya 28, 29 na 30 yanaaminika. Ya 24 na 35 yanadai vijiraba vidogo zaidi.

Sasa picha yenyewe. Ramani ya ukubwa wa A3 ikipunguzwa kuwa A4 kwenye fotokopi, kila urefu hubaki asilimia 71 hivi. Pembeni bado pameandikwa 1:50,000, lakini uwiano huo umeshakufa: upande wa mraba wa gridi una sentimita 1.4, si 2. Anayepima kwa rula na kuamini maandishi hayo atapata nusu ya eneo la ziwa, kwa kuwa kosa la urefu huingia mara mbili katika eneo. Skeli ya mstari iliyo chini ya ramani haina tatizo hilo, maana imepungua pamoja na kila kitu.

Simu huleta shida nyingine. Ikiinamishwa wakati wa kupiga picha, sehemu iliyo karibu nayo hutokea kubwa kuliko ya mbali. Rula hulifichua jambo hili mara moja: mraba wa chini unaweza kutoa sentimita 2.1 na wa juu 1.8. Hapo hata skeli ya mstari hupotosha, kwa sababu inakaa pambizoni huku ziwa liko mbali nayo. Mraba wa gridi unaolizunguka ziwa ndio wa kutegemea, kwani umepindishwa pamoja nalo. Ndiyo maana vijiraba huchorwa ndani ya gridi ya ramani yenyewe, badala ya kuweka juu yake karatasi ya miraba ya dukani.

Kwa ghuba za Karungu na Muhuru, Migori, hatua ni zizo hizo, ila maji huendelea hadi ukingo wa karatasi. Jibu liseme wazi kwamba ni eneo la maji lililomo ndani ya ramani. Kabla ya kuhesabu, ufunguo usomwe, ili alama ya kinamasi au matete isichukuliwe kuwa maji wazi. Tena mwaka wa ramani uandikwe kando ya jibu: Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango kisichokuwa kimeonekana tangu 1964 na kufunika mashamba na nyumba za ufuoni, ambazo kwenye ramani ya zamani bado ni nchi kavu.