Kuponi Tatu: Namna ya Kuwafikia Wafanyabiashara Wasio na Orodha



Nianze na mwanamke ambaye wengi wenu mmemwona, ingawa hayumo katika orodha yoyote. Alfajiri yuko Karume, Ilala, anachagua magauni ya mitumba pale balo linapofunguliwa. Saa nne amerudi nyumbani, ameyafua na kuyapiga pasi. Mchana anayapiga picha na kuwatumia wateja wake kwa simu, na jioni anapita mtaa kwa mtaa na yale yaliyobaki. Hana meza wala leseni ya biashara. Ukienda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba majina ya wafanyabiashara, lake halimo.

Machinga mwenye meza ni tofauti. Huyo hatuna orodha yake kwa jina, lakini mahali alipo tunapajua: tunaweza kuorodhesha vichochoro na saa, tukachagua baadhi kwa bahati nasibu, tukawahesabu watu waliopo. Ninawasihi wanafunzi wangu waijaribu njia hiyo kwanza kila inapowezekana. Mbinu ninayoizungumzia leo ni kwa ajili ya yule ambaye hata mahali pake hapaorodhesheki, na anajulikana na wenzake tu.

Njia ya zamani ya kumfikia inaitwa sampuli ya mpira wa theluji. Jina limetoka nchi za baridi, ambako bonge la theluji likibingirishwa linazidi kunenepa. Mwaka 1961 mwanatakwimu Leo Goodman aliiandikia hesabu zake. Katika hesabu hizo watu wa mwanzo walichaguliwa kwa bahati nasibu, kila mmoja akataja idadi maalumu ya wenzake, na hao nao wakataja wengine, kwa hatua zilizopangwa. Waliokuja baadaye walilichukua jina, wakauacha mwanzo ule wa bahati nasibu. Wakaanza na yeyote waliyempata.

Nami nilifanya hivyo. Katika utafiti wangu wa kwanza kuhusu wauza mitumba nilianza na mama mmoja mchangamfu, akanipeleka kwa wenzake, nao wakanipeleka kwa wenzao. Tulipofikisha wanawake sitini nikaandika kwamba wengi wao hupata mtaji kwenye vikoba. Miezi kadhaa baadaye, nikisoma tena madodoso, niliona kwamba siku ya kukutana ya kikoba ilikuwa ileile kwa karibu wote. Nilikuwa nimehoji kikoba kimoja na majirani zake. Wale sitini walisema kweli, ila mimi niliyachukua maneno yao nikayafanya ya jiji zima.

Mwaka 1997 mwanasosholojia Douglas Heckathorn alichapisha njia iliyojaribu kulitibu tatizo hilo, baada ya kufanya kazi na watu wanaojidunga dawa za kulevya huko Connecticut, Marekani. Kwa Kiswahili nitaiita usampulishaji unaoongozwa na watafitiwa. Mtafiti haombi majina. Anamhoji mtu, kisha anampa kuponi chache, kwa kawaida tatu, awape wenzake anaowataka. Mwenzake akikubali anakuja mwenyewe na kuponi yake; akikataa, mtafiti hatajua kamwe yeye ni nani. Kwa watu wenye sababu ya kujificha, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Niwaeleze tunavyofanya sisi. Tunaanza na wanawake wachache, sita au wanane, tunaowaita mbegu. Tunawachagua wawe tofauti kwa makusudi: wa Temeke na wa Kinondoni, wauza magauni na wauza nguo za watoto, wazee na vijana. Kila kuponi ina namba inayoonyesha ilikotoka. Mbegu ya nne ikitoa kuponi, inaandikwa 4-1, 4-2, 4-3. Aliyekuja na 4-2 akipewa zake, zinakuwa 4-2-1 na kuendelea. Kwa hiyo ukoo mzima wa mialiko unasomeka kwenye karatasi. Anayehojiwa anapewa fidia ya muda na nauli, kisha anapewa kiasi kidogo kwa kila mwenzake aliyefika na kufaa.

Kwa nini tatu, na si thelathini? Kwa sababu mtu maarufu akipewa thelathini ataujaza utafiti watu wake, kama mama yule alivyonijazia kikoba. Kuponi chache zinaulazimisha mnyororo urefuke. Tunachotaka ni mnyororo uende mbali, wimbi baada ya wimbi, mpaka waliofika wimbi la saba au la nane wasifanane tena na mbegu iliyowaanzisha.

Hata hivyo, urefu wa mnyororo peke yake hautoshi. Mwanamke anayefahamiana na wenzake thelathini ana milango thelathini ambayo kuponi inaweza kupitia na kumfikia. Mwenye kufahamiana na kumi ana milango kumi. Wenye marafiki wengi watajitokeza kupita kiasi, hata pasipo mtu yeyote kudanganya. Dawa iliyopendekezwa ni kumpa kila mtu uzito unaopungua kadiri milango yake inavyozidi: wa thelathini anahesabiwa moja ya thelathini, wa kumi moja ya kumi.

Chukueni mfano huu wa kujifunzia. Tumehoji wanawake 200. Kati yao 120 wananunua balo zima, na 80 wananunua nguo moja moja. Ukiangalia kwa macho, wanunuzi wa balo ni asilimia 60. Sasa tuseme kila mnunuzi wa balo anafahamiana na wenzake 30, kwa kuwa humuuzia huyu na yule, na kila mnunuzi wa moja moja anafahamiana na 10. Gawanya 120 kwa 30, unapata 4. Gawanya 80 kwa 10, unapata 8. Jumla ni 12, na sehemu ya wanunuzi wa balo ni 4 katika 12, yaani asilimia 33. Walio wengi wamegeuka kuwa wachache kwa sababu ya swali moja tu, lile la kufahamiana na wangapi.

Na hapo ndipo penye hatari. Tuseme wanunuzi wa balo walielewa swali vibaya, wakataja wale wa soko lao tu, 15 badala ya 30. Gawanya 120 kwa 15, unapata 8. Kwa upande wa pili 8 imebaki vilevile. Jibu sasa ni asilimia 50. Hakuna aliyehojiwa zaidi wala pungufu, wala jibu la swali jingine lolote halikubadilika.

Kwa hiyo swali hilo nimelihangaikia kuliko maswali mengine yote. Dodoso letu la kwanza liliuliza, “Unawajua wauza mitumba wangapi?” Mama mmoja pale Buguruni, akikunja magauni mapajani, alimjibu mwanafunzi wangu, “Wengi, mwanangu. Mia.” Mwanafunzi akaandika 100. Niliomba nimuulize tena. “Mama, katika hao mia, mnafahamiana na wangapi? Wewe unamjua jina, na yeye analijua lako.” Akaacha kukunja. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika ishirini na kitu. Nikamuuliza, “Na mwezi huu umezungumza na wangapi kati yao, ana kwa ana au kwa simu?” Akachukua simu, akaipitia taratibu, akasema, “Kumi na wanne.”

Kutoka mia hadi kumi na nne, kwa mtu yuleyule, katika dakika tatu. Mtanisamehe nikisimama hapa kidogo kwa furaha ya lugha. Hesabu ya mbinu hii inadai uhusiano wa pande mbili: ninayeweza kumpa kuponi awe ni mtu ambaye naye angeweza kunipa mimi. Katika baadhi ya lugha mtafiti huhitaji sentensi ndefu kulieleza sharti hilo. Kiswahili kinalo tayari katika kiambishi kimoja, -an-. Kujua ni kwa upande mmoja. Mimi ninamjua mwenye maghala ya mitumba, yeye hanijui. Kufahamiana hakukubali upande mmoja. Tangu siku ile dodoso letu linauliza kufahamiana, kwa hatua tatu, na simu ikiwa mkononi. Tukiona majibu yamerundikana kwenye 10, 20, 50 na 100, tunajua mhoji ameruka hatua.

Hata swali likiulizwa vizuri, mbinu hii haiponyi kila kitu, na ninataka hilo liandikwe katika mhadhara huu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa katika vijiji vya Uganda ambako watafiti walikuwa na orodha kamili ya wanaume 2,402 wakuu wa kaya. Walijifanya hawana orodha, wakatumia kuponi, wakawapata 927, kisha wakalinganisha na ukweli waliokuwa nao kabatini. Vijana na wenye hali nzuri ya maisha walikuwa wamepungua. Na uzito ulipowekwa, makadirio mengi hayakusogea karibu na ukweli. Mara nyingi yalisogea mbali zaidi.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wasikimbilie jibu la mwisho. Kwanza wachore jedwali la nani alimwalika nani. Kama wauza magauni wanawaalika wauza magauni tu, na wauza viatu wauza viatu, hao ni watu wa mitandao miwili iliyounganishwa na kamba nyembamba, na uwiano kati yao utategemea bahati ya mbegu. Pili, wachore makadirio kwa kila mbegu peke yake. Ukoo wa mbegu ya kwanza ukisema asilimia 70 na wa tatu ukisema 20, hata baada ya watu hamsini hamsini, wastani wao hauelezi jambo lolote la kuaminika. Tatu, wapanue ukubwa wa sampuli. Watu wa mnyororo mmoja hufanana, na kila mmoja anaongeza habari kidogo kuliko mtu aliyechaguliwa kwa bahati nasibu. Si ajabu watu 400 wa kuponi kuwa na nguvu ya watu 100 wa bahati nasibu, au hata pungufu.

Kuponi pia huuzwa. Fidia ikizidi thamani ya asubuhi ya kazi, watafika wasiowahi kushika mtumba. Sisi tunawauliza kwa upole bei ya balo la magauni wiki hii, na jambo wanaloliangalia kwanza nguo ikitoka kwenye balo. Muuzaji wa kweli hutaja kwapa, zipu na doa la kola kabla hujamaliza kuuliza.

Na mwisho tunamngoja arudi kuchukua malipo ya aliowaalika, kwani hapo ndipo tunapata habari za wasiotaka kuja: aliwapa wangapi, wangapi walikataa, na kwa nini. Mama yule wa Buguruni alirudi na kuponi moja mkononi. Jirani yake alikuwa ameigeuza, akaona namba na mhuri, akasema hiyo ni risiti ya kodi. Jioni ile tulichapisha kuponi upya, bila mhuri, kwenye karatasi ya njano, tukamwomba mama ampelekee tena.