Tarehe Itangulie: Kuyapa Majina Mafaili ya Vikao



Mada niliyopewa ni pana, nami nimeibana kwa makusudi. Nitazungumzia aina moja tu ya nyaraka: mihtasari ya vikao vya bodi ya chama cha akiba na mikopo. Hiyo ndiyo inayotafutwa baada ya miaka mingi, mara nyingi na mkaguzi au katibu mpya ambaye hakuwepo ilipoandikwa. Mtu aliyeweza kuipanga mihtasari hatashindwa na barua.

Kompyuta inapopanga majina haijali maana yake. Inalinganisha jina na jina kuanzia kushoto, alama moja baada ya nyingine, na tofauti ya kwanza inayoikuta ndiyo inayoamua lipi litangulie. Ukiipa majina ya miezi, mwaka utaanza na Agosti, zifuate Aprili na Desemba, na Januari itakuwa ya tano. Ukiandika tarehe kama tunavyoiandika kwenye barua, siku ikitangulia, utapata hivi:

```
05-03-2021 muhtasari.docx
05-11-2018 muhtasari.docx
12-01-2019 muhtasari.docx
```

Kikao cha 2021 kimekaa juu ya cha 2018. Kwa mafaili matatu jicho linavumilia. Kwa mihtasari ya miaka kumi, folda hiyo haina mpangilio wowote. Dawa ni kugeuza tarehe: mwaka kwa tarakimu nne, kisha mwezi, kisha siku, na sifuri itangulie pale tarakimu inapokuwa moja. Huo ndio mtindo wa kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Kwa kuwa sehemu kubwa ya tarehe iko kushoto, mpangilio wa herufi na mpangilio wa wakati vinakuwa kitu kimoja.

Kuna wanaouliza kwa nini tusumbuke ilhali kompyuta yenyewe inaonyesha tarehe. Safu ya `Date modified` inaonyesha lini faili lilihifadhiwa mara ya mwisho. Mtu akifungua muhtasari wa 2018 leo, akarekebisha nukta moja na kuhifadhi, faili linaruka na kuwa la leo. Safu ya `Date created` nayo, unaponakili mafaili kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya, kwa kawaida huonyesha siku ya kunakili. Chama kilichobadilisha kompyuta kinaweza kujikuta na mihtasari ya miaka minane yote "iliyozaliwa" Jumanne moja. Tarehe iliyo ndani ya jina haiguswi na lolote kati ya hayo.

Sasa swali ambalo huleta ubishi maofisini: tarehe ipi? Tuchukue kikao cha mfano. Bodi imekaa tarehe 14 Septemba 2023. Katibu amemaliza kuchapa tarehe 18. Muhtasari umethibitishwa na kutiwa saini kwenye kikao kilichofuata, tarehe 12 Oktoba. Tarehe tatu, na kila moja ina mtetezi wake. Mimi nasimama na ya kikao, kwa sababu anayetafuta miaka mitatu baadaye atakuwa ameshika fomu ya mkopo iliyoandikwa "umeidhinishwa na bodi, 14/9/2023". Hana habari katibu alichapa lini. Kwa barua, kwa hoja hiyohiyo, tumia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Ya kupokelewa iko kwenye mhuri na kwenye rejesta.

Jina kamili basi litakuwa na sehemu chache: tarehe, chombo kilichokaa, aina ya waraka, na hali yake. Kikao chetu kitaacha mafaili haya:

```
2023-09-14_bodi_muhtasari_r01.docx
2023-09-14_bodi_muhtasari_r02.docx
2023-09-14_bodi_muhtasari_saini.pdf
```

Herufi r ni ya rasimu. Haikuchaguliwa ovyo: r inatangulia s, kwa hiyo rasimu zinajipanga kwa zamu na nakala yenye saini inakaa mwisho, mahali ambapo mtu anatarajia kuiona. Linganisha na mtindo uliozoeleka wa `mwisho`, `mwisho2` na `mwisho kabisa`, ambapo hakuna ajuaye upi uliosainiwa mpaka ayafungue yote. Vitenganishi pia vina kazi zake: kistari kinabaki ndani ya tarehe, mstari wa chini unatenga sehemu na sehemu.

Neno la aina ya waraka liwe moja ofisi nzima. Nimeona folda yenye "muhtasari", "mukhtasari", "kumbukumbu za kikao" na "minitsi", kila katibu na lake. Ukitafuta kwa neno moja, yale mengine hayaonekani, nawe unaondoka ukiamini kikao hakikufanyika. Hilo ni baya kuliko kutopata kitu kabisa, maana unaweza kumjibu mkaguzi hivyo kwa maandishi. Usiweke jina la katibu wala la mwenyekiti, kwani wao hubadilika na bodi inabaki. Kwa mafaili ya wanachama, tangulize namba ya uanachama. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja au watatu.

Kwenye folda kuna mtego mmoja ninaoutilia mkazo. Mkwaju hauruhusiwi ndani ya jina la faili wala folda, kwa hiyo mwaka wa fedha 2010/11 huandikwa 2010-11. Isome tena: ni Novemba 2010. Vivyo hivyo 2011-12 inakuwa Desemba 2011. Kwa mwaka wa fedha andika miaka yote miwili kwa ukamilifu, `2010-2011`, na utata unaisha. Mkwaju huohuo ndio unaofanya namba ya kumbukumbu ya barua isiweze kunakiliwa kama ilivyo. Weka kistari badala yake.

Folda zenyewe ziwe chache. Windows kwa kawaida huiwekea njia nzima ya faili, yaani folda zote pamoja na jina, kikomo cha takriban herufi 260. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikirudia jina la chama, hufika huko upesi, na dalili yake ni kunakili kunakokataa katikati ya kazi.

Njia rahisi ya kujua kama mpangilio wenu umesimama ni kuuangalia nje ya dirisha la kawaida la Windows. Dirisha hilo linasaidia mno: linatambua namba na kuweka 2 kabla ya 10 hata kama hukuweka sifuri. Ukihamia kwingine msaada huo unaweza kutoweka, na 10 ikatangulia 2. Fungua folda kwenye dirisha la amri uandike:

```
dir /b /o:n > orodha.txt
```

Chapisha orodha hiyo (yenyewe itajitaja ndani, msishtuke). Mpe mtu asiyejua kazi yenu, mwambie aonyeshe muhtasari uliosainiwa wa mwezi fulani. Asipoupata kwa kusoma majina tu, majina yana kasoro.

Kwa mafaili ya zamani, sishauri kubadilisha yote kwa mkupuo. Majedwali yanayovuta takwimu kutoka faili jingine hukatika jina likibadilika. Anzeni na kikao kijacho, kisha rudini nyuma mwaka mmoja mmoja mkiwa na nakala pembeni. Kanuni mlizokubaliana ziandikwe katika faili moja liitwalo `00_SOMA.txt` ndani ya folda kuu. Sifuri zitalipandisha juu ya orodha ya mafaili, na katibu atakayekuja ataliona kabla ya mengine.