Mtu Mmoja, Hadhara Mbili: Mintarafu ya Kumtambulisha Mhasibu Mpya

Kadhia niliyopewa niizungumze ni ya kuchagua kauli, ya taadhima au ya ukaribu, pale mtu mmoja anapotambulishwa mbele ya bodi na kisha mbele ya wafanyakazi. Nami nitaitazama katika chama cha akiba na mikopo kilichopata mhasibu mkuu mpya, ambaye hapa nitamwita Bi Fulani, kijana kuliko wengi wa wale atakaowasimamia.

Mbele ya bodi, meneja husema na Mwenyekiti, na wajumbe husikia kupitia kwake: “Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako, naomba kumtambulisha mbele ya kikao hiki Bibi Fulani binti Fulani, aliyeteuliwa kuwa Mhasibu Mkuu wa chama kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu. Amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Atawajibika kwa Meneja, na hesabu za kila mwezi ataziandaa ziletwe hapa.” Basi, akae. Ibara hizi ni kavu kwa kuwa katibu anaziandika, na yaliyoandikwa katika kumbukumbu za kikao yana kazi baada ya kikao kufungwa: bodi ikiazimia awe miongoni mwa watia sahihi wa hundi, benki itataka nakala ya azimio hilo, na jina lililomo lisipolingana na lile la kitambulisho chake, barua itarudishwa na sahihi ya zamani itaendelea kutumika. Kwa hiyo meneja aliyezoea kumwita “dada yetu” na afanye hivyo barazani kabla kikao hakijafunguliwa, wakati wa shikamoo na marahaba. Ndani ya kikao na ataje jina kamili, herufi kwa herufi, kama lilivyo katika barua ya uteuzi.

Kwa wafanyakazi mambo ni mengine, wala si kwa sababu wao wanastahiki heshima pungufu, bali kwa sababu wanalotaka kulijua ni jingine. Hawaulizi cheti chake. Wanauliza atakaa wapi, hati zipelekwe kwake saa ngapi, na je, anazungumzika? Meneja aseme hivi: “Jamani, huyu ndiye Bi Fulani, mhasibu wetu mkuu. Atakaa chumba kile jirani na keshia. Hati za malipo na masurufu zitapita kwake, na hati isiyo na sahihi yake keshia hatailipa. Mwenye shida na amwone asubuhi, kabla ya saa sita.” Kisha, jambo ambalo halifanywi mbele ya bodi kwa urefu huo, ageuke amtambulishe kila mmoja kwake: huyu ndiye keshia, mama huyu ndiye mwenye daftari la mikopo, mzee huyu ni tarishi wetu. Na hapo Bi Fulani atamwamkia mzee shikamoo, kwani maamkizi yetu hufuata umri wala hayafuati cheo. Meneja atakayempamba kwa “Mheshimiwa” na vyeo vingi atakuwa amemzibia njia ya kutoa adabu hiyo, na mzee naye hatajua amjibu vipi.

Ila naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo aghalabu tunapoharibu. Katika ukaribu wetu tunaona haya kutaja mamlaka, tukasema, “Huyu ni mdogo wenu, mpokeeni,” tukanyamaza. Udugu tuliousema hivyo huja na haki zake: anayeitwa mdogo hutarajiwa kuwasikiliza wakubwa zake, na haukawii kufika wakati mkubwa mmoja anapotaka masurufu mapya ilhali yale ya kwanza hajayaletea stakabadhi. Akikataliwa, huona amevunjiwa heshima, na ugomvi huo umepandwa na maneno ya siku ya kwanza. Dalili zake hazifichiki: hati huanza kumpita, zikapelekwa moja kwa moja kwa meneja, na keshia akawa anauliza, “Hii nayo lazima aione?” Kwa hiyo ile kauli ya sahihi yake na isemwe kwa wafanyakazi kwa uzito uleule wa bodini, ingawa maneno yanayoizunguka ni mepesi.

Upande wa pili, taadhima ikizidi kwa wafanyakazi, mwenye daftari la mikopo akigundua kosa lake mwenyewe ataogopa kumwendea, alifiche hadi mkaguzi aje, ilhali kulisahihisha siku ileile kungekuwa kazi ya dakika chache.

Imebaki kumwuliza Bi Fulani mwenyewe, faraghani na mapema, apendavyo kuitwa. Wengine hupenda kuitwa kwa jina la mtoto, Mama Fulani. Lakini asiye na mtoto, au aliyefiwa, huumizwa na jina hilo mbele za watu, na meneja hawezi kulijua hilo kwa kumtazama tu. Tena bodi itangulie na wafanyakazi wafuate, ikiwezekana siku ya pili yake, kwani kumkabidhi hati kabla azimio halijapita ni kumwomba atie sahihi ambayo bado haijapewa nguvu.