Macho ya Manjano kwa Mtu Mzima



Umanjano huonekana kwanza katika weupe wa macho, ndipo ngozini. Basi mtazameni mgonjwa macho mchana, si kwa mwanga wa taa. Rangi hiyo hutokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Kwa desturi ini huitoa pamoja na nyongo, nayo hushuka matumboni na kukipa choo rangi yake.

Tuseme mzee wa miaka 60 amegeuka manjano bila maumivu wala homa. Mkojo wake ni kama chai ya rangi, choo kimepauka kama udongo mweupe, na mwili wamwasha. Yaelekea mrija wa nyongo umezibwa, ama na kijiwe, ama na uvimbe wa kongosho. Kutoumwa kusimdanganye: kijiwe aghalabu huuma, bali uvimbe huweza kukua kimya.

Malaria, homa ya ini, pombe na baadhi ya dawa pia huleta umanjano, na macho hayasemi ni kipi. Kwa hiyo kila mwenye umanjano apimwe damu hospitalini. Akitetemeka kwa homa au akichanganyikiwa akili, apelekwe siku ile ile.