Kikohozi cha Wiki ya Tatu: Makohozi Yapimwe Kabla ya Dawa Nyingine
Mada ya semina kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauzaji wa maduka ya dawa na viongozi wa mitaa, Madale, Kinondoni

Mwongozo wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma unatutaka tumshuku kuwa na kifua kikuu mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI hata wiki hizo mbili hazisubiriwi. Kikohozi cha muda wowote kinatosha. Kwa hiyo anayekuja kwetu wiki ya tatu si wa kuambiwa asubiri kidogo, maana ameshachelewa. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo asiuziwe dawa nyingine ya kikohozi wala antibiotiki ya pili kabla makohozi yake hayajapimwa. Msingi wa hoja hii ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Bakteria wengi wanaotusumbua hugawanyika kila baada ya dakika kadhaa, lakini wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Ndiyo maana, tofauti na kikohozi cha mafua kinachokuja kwa kishindo kisha kikatulia, kikohozi cha kifua kikuu huanza taratibu, leo kina nafuu, kesho kimerudi, na katikati ya hapo mtu anapungua mwili, anapata homa za jioni na kuamka shuka limelowa jasho. Damu kwenye makohozi huonekana kwa baadhi tu, na mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Anayeingoja damu ndipo aende zahanati anaungoja uharibifu.

Tuchukue mfano wa fundi ujenzi katika viwanja vipya vya huku kwetu. Wiki ya kwanza ananunua dawa ya maji ya kikohozi. Wiki ya tatu anauziwa amoksilini, anapata nafuu ya siku chache, anarudi kazini. Wiki ya tano kikohozi kimerudi, anauziwa levofloksasini, nayo inampa nafuu kubwa zaidi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Amoksilini haitibu kifua kikuu. Nafuu ile ilitokana na kuondoka kwa maambukizi mengine, au ni kupanda na kushuka kwa ugonjwa wenyewe. Levofloksasini ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu inawaua baadhi ya bakteria wa kifua kikuu. Inapunguza idadi yao kiasi kwamba kipimo kinaweza kuwakosa, na wanaobaki wanaweza kujenga usugu dhidi ya dawa ambayo kwa kawaida huwekwa akiba kutibu kifua kikuu sugu. Muda wote huo fundi analala chumba kimoja na mkewe na watoto, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, na ugonjwa huu huenea kwa hewa. Kumtengea sahani na kikombe hakumkingi mtu yeyote.

Sasa, kupima kwenyewe kukoje? Kunaanza na kopo safi lenye mfuniko wa kusokota, na mafanikio yake yanategemea zaidi maelezo anayopewa mgonjwa kuliko mashine. Asukutue mdomo kwa maji, asimame mahali pa wazi penye upepo mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka ndani kabisa. Kinachotakiwa ni makohozi mazito, walau kijiko kimoja cha chai. Mate membamba yenye povu hayafai, na hapa ndipo sampuli nyingi zinapoharibikia: mtu anaona haya kukohoa, anatema mate, anarudishiwa jibu kwamba hana ugonjwa. Makohozi ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo bora kwa kuwa yamekusanyika usiku kucha. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, kwa sababu mifuniko hubadilishana, na kopo lisiachwe juani. Kama kituo hakina mashine, sampuli husafirishwa hadi penye mashine, mgonjwa akabaki nyumbani.

Maabara ikiwa na GeneXpert, makohozi huchanganywa na dawa maalumu kwa takriban dakika 15, yakawekwa kwenye katriji, na jibu hutoka ndani ya saa mbili hivi. Mashine hutafuta vinasaba vya bakteria, na papo hapo hueleza kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu. Hadubini, iliyotumika tangu siku za Robert Koch mwaka 1882, huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo mtaalamu awaone. GeneXpert huwanasa wakiwa wachache mno kuliko hao. Hata hivyo jibu la MTB NOT DETECTED halifungi faili la mtu anayeendelea kukonda na kukohoa. Sampuli nyingine nzuri itolewe, picha ya kifua ipigwe, daktari aamue kama makohozi yaoteshwe, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Picha ya kifua nayo huonyesha kivuli tu. Haisemi kivuli kimeletwa na nini. Kwamba kipimo kinaweza kumkosa mgonjwa tunalijua vizuri hapa nchini: panya waliofunzwa na APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hunusa tena makohozi ambayo vituo vimeshasema hayana kitu, na miongoni mwake maabara imethibitisha wagonjwa wengi.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni vumbi: Madale ina barabara za vumbi na ujenzi usiokwisha, kila mtu anakohoa. Ni kweli, lakini vumbi la mawe na zege likikaa mapafuni kwa miaka huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu, kwa hiyo fundi mwenye vumbi ana sababu zaidi ya kupimwa. La pili ni kwamba wengi tutakaowatuma watakutwa hawana. Nalikubali kabisa. Pumu, maambukizi mengine, moshi wa kuni na sigara vyote huleta kikohozi kirefu, na wenye kifua kikuu watakuwa wachache kati yao. Lakini jibu la kuwa hana linamfaa mgonjwa pia, kwa kuwa linamruhusu daktari kutafuta kinachomsumbua hasa badala ya kubahatisha na dawa. La tatu ndilo zito: watu wanaogopa kwamba ukionekana kwenye kliniki ya TB umetangazwa una virusi vya UKIMWI. Ni kweli kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa apime virusi, na ni haki yake kujua kwa kuwa matibabu hupangwa kwa pamoja. Ila wagonjwa walio wengi wa kifua kikuu Tanzania hawana virusi hivyo. Hilo lisemwe waziwazi na balozi wa nyumba kumi na muuza duka, siyo na daktari peke yake.

Kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bila malipo, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa maduka ya dawa: kabla hamjafungua kabati, mwulizeni mteja amekohoa kwa muda gani. Akisema wiki mbili au zaidi, msimuuzie antibiotiki. Mwandikieni rufaa, mwelekezeni namna ya kukohoa kwenye kopo, kisha mwachieni mhudumu wa mtaa wake namba ya simu ya mteja, kwa ridhaa ya mteja, ili mhudumu ajue kama mteja alifika.