Moto wa Msuli na Maumivu ya Goti

Leo tuangalie zoezi la kuchuchumaa na kuinuka.

Ukifika mara ya 15 hivi, mapaja yote mawili huanza kuwaka moto. Moto huo huenea kwenye nyama ya paja, huongezeka taratibu, na ukipumzika dakika moja au mbili hupoa. Huo ni msuli unaofanya kazi. Hata ukiamka kesho mapaja yamekakamaa, kwa kawaida huachia ndani ya siku chache.

Maumivu ya kiungo ni tofauti. Huchoma ghafla, mara nyingi kwenye goti moja, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na hurudi kila unapolikunja. Hapo acha zoezi papo hapo. Usijikaze kumaliza idadi. Lipumzishe siku kadhaa, kisha anza tena kwa kuchuchumaa nusu tu, mradi haliumi.

Lakini goti likivimba, likikwama au likishindwa kubeba uzito wako, usilikande wala kulinyoosha kwa nguvu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.